Kisanduku cha Mitishamba: Tupunguze Chupa Kabla Hazijatuumiza

Jamani, leo tuseme wazi, hata kama baadhi ya mama zetu watatukasirikia.

Sisi vijana wa kujitolea hapa Nyarugusu tunapita nyumba kwa nyumba, na karibu kila nyumba ina kisanduku chake cha dawa za majani. Wengine wanatumia ndoo ndogo yenye kifuniko, wengine kopo la mafuta, wengine mfuko uliofungwa kwenye mwamba wa nyumba. Hatukatai. Zahanati iko mbali, usiku ni mrefu, na bibi zetu walitulea kwa majani haya kule Fizi na Uvira kabla hatujajua kambi ni nini. Shida yetu ni kile kilichomo ndani. Tumefungua visanduku vyenye chupa kumi na tano, ishirini. Ukiuliza hii ni nini, unaambiwa "ni ya tumbo". Na hii? "Nayo ni ya tumbo, lakini ile kali." Ukiuliza jina la mti, kimya.

Tunasema hivi: kisanduku kizuri ni kile kidogo. Vitu vinne vya asili vinatosha, na vingine vyote vitoke. Tutaeleza kwa nini, tukianza na mkono wa mtoto mmoja.

Mwaka jana msichana wa miaka mitatu kwenye zoni yetu alivuta sufuria ya uji, ukammwagikia mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Mama yake alifanya alichofundishwa: akapaka dawa ya meno. Jirani akaja mbio na kisanduku chake, akamwagia unga wa majani juu ya dawa ya meno. Mwingine akaongeza alovera na ute wake wa njano. Wote walikuwa na huruma. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwaga maji. Walipofika kituo cha afya, muuguzi alilazimika kuosha ule mchanganyiko wote kwanza ili aone kidonda, mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Malengelenge yalipasuka, kidonda kikaingia uchafu, na alibadilishiwa bandeji kwa wiki nyingi. Leo kovu linavuta ngozi ya kifundo cha mkono.

Sasa hebu turudie siku ile kama ilivyopaswa kwenda. Ngozi iliyoungua inaendelea kuungua kwa ndani hata baada ya uji kutoka. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, yanamwagwa polepole juu ya mkono kwa dakika 20. Tunajua mtasema maji hapa ni ya foleni. Weka beseni safi chini, chota kwa kikombe, mwaga, chota tena yale yale. Bidoni moja ya lita 20 inatosha kabisa. Wakati maji yanamwagika, toa bangili, shanga au uzi kwenye mkono, maana utavimba. Kama ulichelewa, bado mwaga. Hadi saa tatu baada ya kuungua maji bado yanasaidia. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi, usipake kitu, mpeleke. Ukiungua kumezidi ukubwa wa kiganja cha huyo mtoto mwenyewe, au kuko usoni, mkononi, kwenye kiungo cha mwili, sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe na haina maumivu, hapo hakuna cha kujadili. Ni kituo cha afya.

Je, alovera haina kazi? Inayo. Kwa kuungua kudogo, ngozi nyekundu ambayo haijapasuka, baada ya zile dakika 20, inatuliza. Lakini sikilizeni vizuri: alovera haikai kwenye kisanduku. Inakaa kwenye kopo la udongo mlangoni. Ukikata jani, lisimamishe robo saa ili ule ute wa njano utiririke, kwa sababu huo unawasha ngozi na ukimezwa unaharisha vibaya. Lioshe, lipasue, chukua ile nyama inayong'aa kama maji tu. Kinachobaki tupa. Ile alovera iliyokaa kwenye chupa tangu wiki iliyopita, bila friji, ni shamba la vijidudu.

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni tangawizi, kwa kichefuchefu. Ikate vipande vyembamba, ianike kivulini penye upepo mpaka ivunjike kwa mlio, halafu ihifadhi kwenye chupa kavu. Vipande vichache kwenye kikombe cha maji ya moto vinatosha. Ya tatu ni karafuu, kwa jino: moja tu, iumwe taratibu karibu na jino linalouma. Inatia ganzi kwa muda ili ulale, haiponyi jino. Shavu likivimba au homa ikaja, nenda. Ya nne ni asali, kijiko kimoja cha chai usiku kwa mtoto anayekohoa, ila awe amevuka mwaka mmoja. Chini ya mwaka mmoja asali haipewi kabisa, hata ya kulamba kwenye kidole, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Na asali ya soko msiipake kwenye vidonda. Ile ya hospitali imesafishwa. Hii ya kwetu mara nyingi imechanganywa na sukari.

Pembeni ya hivyo vinne weka sabuni, vitambaa viwili vya pamba vilivyochemshwa na kukauka juani, na pakiti za ORS kutoka kituo cha afya. Mtu atasema ORS si mitishamba. Kweli. Lakini mtoto anayeharisha anakufa kwa kukosa maji, na hakuna jani linalorudisha maji. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa juu. Onja. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Isilale zaidi ya siku moja.

Sasa tuje kwenye vinavyotoka, na hapa ndipo ugomvi.

Cha kwanza kutoka ni artemizia ya malaria. Tunajua ndugu wengi wanaiamini, na wanasema hata Wazungu wanatumia mmea huo. Kumbe hapo ndipo penyewe. Ni kweli mmea huo una dawa. Tu Youyou, mwanasayansi wa Uchina, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa hiyo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Lakini alichogundua ni kwamba moto wa kuchemsha ulikuwa unaiharibu. Alifanikiwa alipotumia etha kwa joto dogo badala ya maji yanayochemka. Na sisi tunafanya nini? Tunachemsha! Kwenye chai dawa inabaki kidogo, na kiasi chake kinabadilika kutoka kichaka hadi kichaka. Homa inashuka siku mbili, mnashangilia, vijidudu vilivyobaki vinaamka. Vidonge vya mseto mnavyopewa bure vina dawa iliyotokana na mmea huo huo, ila imepimwa, na imeunganishwa na dawa ya pili ya kumalizia vijidudu. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kama tiba ya malaria. Homa ni kupimwa, kipimo cha tone la damu kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20. Na mtoto akidegedega, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilala usingizi usioamshika, usichemshe hata maji ya chai. Beba mtoto, kimbia.

Cha pili ni jiwe jeusi la nyoka. Tunaokota kuni porini, nyoka wapo, tunaelewa hofu. Lakini jiwe hilo halinyonyi sumu. Linashika kwa sababu limekauka na linavuta unyevu wa kidonda. Nyoka wengi wanaouma hawaachi sumu yoyote, ndiyo maana jiwe lina mashahidi wengi. Wale ambao sumu iliingia walipoteza saa zao wakisubiri jiwe lianguke. Usichanje, usifunge kamba. Mlaze, mguu usitikisike, mbebwe kwenye baiskeli au machela mpaka hospitali.

Cha tatu ni chochote cha kitovu au cha kumnywesha mtoto mchanga. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuua watoto wadogo waliopewa kijiko tu. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa yanaleta degedege. Kitovu kiachwe kikavu, kipakwe tu dawa iliyotoka kliniki, kama ipo.

Na cha nne ni kila unga usio na jina. Kipimo chetu ni hiki: kama huwezi kututajia jina la mti na kutuonyesha jani lake zima, hiyo si dawa, ni bahati nasibu. Chupa inayobaki iandikwe jina na mwezi iliyokaushwa. Ikitoa harufu ya ukungu, ni ya kutupa, hata kama ni ya bibi.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, msifikiri tumewasahau. Kwenye semina moja tuliambiwa: "Tupeni mitishamba yote, ni ushamba." Unajua kilichotokea? Hakuna aliyetupa. Watu walificha. Sasa mama anafika na mtoto aliyelegea, anaulizwa umempa nini, anajibu "maji tu", kwa sababu anaogopa kugombezwa. Daktari anatibu huku hajui nusu ya habari. Hiyo semina ilizalisha uongo, na uongo huo unalala kitandani na mtoto. Tunawaomba jambo dogo: ulizeni "umemsaidia na nini nyumbani?" kwa sauti ya kawaida, mwandike jibu, mnyamaze. Na mkisema artemizia itoke, hakikisheni mseto upo. Mtu aliyeambiwa "dawa imeisha, rudi Jumatatu" atachemsha majani Jumamosi, na hatuna uso wa kumlaumu.

Wiki hii tunapita tena kwenye zoni yetu. Hatuji kukagua wala kunyang'anya. Tutakaa na mama, tutamwaga kisanduku kwenye mkeka, tutatoa chupa moja moja na kuuliza jina la mti. Yule mama wa msichana wa uji amekubali tuanzie kwake. Tayari ametoa ule unga, na pale ulipokuwa ameweka kikombe cha kumwagia maji.