Kuskus isigeuke bugali



Juma hili ninaanza na aibu yangu mwenyewe. Siku ile kikundi chetu kilipokutana kuhesabu akiba, zamu ya kupika ilikuwa yangu. Tulikuwa wamama 14. Niliona bugali tumeshaizoea, wali unakula makala mengi, basi nikanunua kuskus hapa Birere. Nilikuwa nimetoka masomo nimechelewa. Termosi ya chai ilikuwa imejaa maji ya moto tangu asubuhi, nikayamwaga juu ya kuskus, nikafunika. Baada ya dakika tano niliionja: punje zilikuwa ngumu katikati, zinalia chini ya meno. Nikaongeza maji ya termosi, nikakoroga. Bado. Nikaongeza mara ya tatu, nikaweka sufuria kwenye mbabula na kukoroga kwa mwiko kama ninavyosonga unga. Niliyopeleka kwenye meza ilikuwa bugali ya rangi ya manjano, na ndani yake mabonge yenye punje mbichi. Wamama walikula kwa heshima. Lakini chakula kilichonunuliwa kwa pesa ya mchango kilibaki nusu, na mimi nikalala na hasira.

Kesho yake mama mmoja jirani, anayepika kuskus nyumbani kwake tangu zamani, aliniuliza swali moja tu: «Mwalimu, maji yalikuwa yanachemka?» Hapo ndipo kosa lote lilipokuwa.

Kuskus tunayonunua kwenye pakiti si chakula kibichi. Ni ngano ngumu iliyosagwa kwa chembechembe, ikalowanishwa, ikaviringishwa kuwa punje ndogo, ikapikwa kwa mvuke kiwandani na kukaushwa. Kwa hiyo nyumbani hatuipiki tena, tunainywesha maji tu. Punje inahitaji mambo mawili: maji yenye joto kali ili ifunguke hadi katikati, na kipimo ambacho itakimaliza chote bila kubakiza tone. Maji yakiwa vuguvugu, nje inalainika na katikati inabaki ngumu. Maji yakizidi, uwanga unatoka nje ya punje na kuwa gundi. Ukikoroga wakati bado zimelowa, unazivunja na gundi inaongezeka. Mimi nilifanya makosa yote matatu katika sufuria moja.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kule pwani maji yanachemka kwa digrii 100, lakini hapa yanachemka kwa digrii kama 95. Tunaanza na joto pungufu hata kabla ya kufunika. Basi yale maandishi ya pakiti yanayosema dakika tano, sisi tuyasome kuwa saba au nane. Na maji ya termosi, hata ikiwa nzuri namna gani, ni ya chai, si ya kuskus.

Sasa tupike pamoja kikombe kimoja, kinachoshibisha watu wawili au watatu.

Chukua kikombe kimoja cha kuskus, usiioshe. Uimimine katika sufuria pana na kavu. Tia kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kisha isugue taratibu kwa vidole mpaka kila punje ing'ae. Hatua hii wengi wanairuka, lakini ndiyo inayozuia punje kushikana, kwa sababu kila moja inavaa nguo yake ya mafuta.

Pembeni chemsha maji zaidi ya kikombe kimoja, kwa sababu mengine yanapotea kwa mvuke. Tia chumvi, robo ya kijiko cha chai. Subiri mpaka yachemke kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini. Ndipo upime kikombe kimoja kilichojaa, kile kile ulichopimia kuskus, na uyamimine haraka ukizunguka sufuria yote. Tikisa sufuria mara moja ili juu pawe sawa. Usitie mwiko.

Funika papo hapo. Kabla ya kifuniko, tandika kitambaa safi juu ya sufuria na ukunje pembe zake juu ya kifuniko zisiguse moto. Kitambaa kinashika mvuke usitoke, na tena kinanyonya matone ambayo yangeanguka na kulowesha punje za juu. Weka sufuria mbali na moto, chini kwenye kitu kisicho baridi, siyo kwenye sakafu ya saruji. Hesabu dakika saba au nane bila kuchungulia. Kila ukifunua, joto linaondoka na hairudi tena.

Ukifunua, maji yote yawe yamekwisha na punje zimefura karibu mara mbili. Chukua uma, anza pembeni ukielekea katikati, ukiinua na kuachia, si kukoroga. Bonge likibaki, lisugue kati ya viganja vyenye mafuta kidogo.

Ukionja na katikati bado ni ngumu, usirudie kosa langu. Nyunyiza vijiko viwili vya maji yanayochemka, funika tena dakika tatu. Ikiwa imelowa mno, itandaze kwenye sinia pana dakika chache mvuke utoke, au irudishe kwenye sufuria kavu juu ya makala dhaifu bila kifuniko, ukiinua kwa uma. Lakini ikishakuwa gundi kabisa, haina dawa. Ifanye uji wa watoto wenye maziwa na sukari, na uanze upya.

Kwa watu wengi msiongeze tu vipimo katika sufuria moja. Kwa wamama 14 nahesabu vikombe sita vya kuskus. Vikombe sita katika sufuria moja ndefu vinakandamizana: za chini zinakuwa bonge na za juu hazipati maji. Mara ya pili niligawanya katika sufuria mbili pana, vikombe vitatu kila moja, na kila moja nikaimiminia vikombe vitatu vya maji yanayochemka na vijiko vitatu vya mafuta. Kila sufuria ilikuwa na kitambaa chake. Safari hii sahani zilirudi tupu. Makala niliyotumia ni ya kuchemsha maji na mchuzi tu, na kwetu hapo si jambo dogo, kila mmoja anajua gunia linavyopanda bei.

Huko kuskus inakotoka, Maroko, Aljeria, Tunisia na Moritania, kwa desturi hawatumii maji ya kumwagia. Wanaiweka kwenye chombo chenye matundu juu ya sufuria ya mchuzi, mvuke unapanda na kuipika, wanaishusha, wanailowesha na kuisugua, wanairudisha tena. Mwaka 2020 Unesko iliandika ujuzi huo wa nchi hizo nne katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sisi tunaweza kuazima kidogo. Ikiwa kuskus ya mchana imepoa na kukauka, inyunyizie maji kidogo, iweke kwenye chujio la chuma lililotandikwa kitambaa, juu ya sufuria ya maharage au sombe inayochemka. Chujio lisiguse mchuzi. Funika dakika kama kumi, itarudi laini kama mpya.

Na bulguri? Wengine waliokaa Kenya wanaijua kwa jina la bulga, ilipikwa sana katika masomo ya maeneo makame kwa msaada wa chakula. Bulguri ni ngano nzima iliyochemshwa, ikakaushwa, kisha ikavunjwa. Rangi yake ni ya kahawia na punje zina kona, wakati kuskus ni ya mviringo na ya manjano. Ile laini sana unaweza kuimiminia maji yanayochemka kipimo kwa kipimo na kuifunika dakika 15 hadi 20. Lakini ile ya punje kubwa haitoshwi na maji ya kumwagia, hasa hapa kwetu. Chagua mawe, ioshe haraka, iache ichuje. Kaanga kitunguu kwa mafuta, tia bulguri uikaushe dakika mbili tatu mpaka inukie. Mimina vikombe viwili vya maji yanayochemka kwa kikombe kimoja cha bulguri, na chumvi. Funika, punguza makala, acha dakika kama 15 bila kukoroga. Ukiona vitundu vidogo juu na husikii tena maji yakichemka, shusha. Tandika kitambaa, funika dakika kumi, kisha inua kwa uma. Hizo dakika kumi za mwisho ndizo zinazotenganisha punje, msiziibe.

Onyo moja kwa wanaonunua ya kupimwa kwenye gunia. Dukani neno semule linaitwa kwa vitu viwili, vya ngano na vya mahindi. Semule ya mahindi ni mbichi. Hata ukifuata kila hatua niliyoandika, itabaki mbichi au itakuwa bugali, na hilo si kosa lako. Uliza muuzaji kabla ya kulipa. Ukiwa na shaka, jaribu kijiko kimoja nyumbani katika kikombe chenye maji yanayochemka, funika dakika nane. Punje za kuskus zitafura na kulainika kila moja peke yake. Za mahindi zitabaki ngumu ndani ya maji meupe.

Mchuzi wa sambaza na tomate, maharage au sombe, utiwe kwenye sahani wakati wa kula, siyo ndani ya sufuria. Kuskus iliyokaa ndani ya mchuzi inaendelea kunywa, na baada ya nusu saa mnarudi pale pale kwenye bugali. Na ile inayobaki jioni msiiache ndani ya sufuria mpaka kesho, inaharibika kama wali.

Zamu yangu ya kupika inarudi mwezi ujao. Termosi itabaki na chai yake.

Mwalimu wenu wa Birere