Wasifu wa fundi uanze na mashati, si darasa la saba

Kila ifikapo Novemba, wenye biashara ya sare za shule huanza kutafuta mafundi wa kuongeza, maana shule zikifunguliwa Januari mzazi hasubiri. Mwenye karakana ya cherehani 15 au 20 huletewa karatasi nyingi za maombi, naye huzisoma akiwa amesimama. Anataka kujua jambo moja: huyu akikaa kwenye cherehani yangu kesho asubuhi, jioni nitahesabu nguo ngapi zilizo tayari kuuzwa? Karatasi nyingi hazimjibu, na hapo pande zote mbili hupata hasara. Fundi hupangwa meza ya wakata nyuzi kwa ujira wa msaidizi, na mwenye mali huendelea kulalamika kwamba mafundi hawapatikani.

Tuchukue mfano wa fundi wa kike wa Mbagala, aliyemaliza darasa la saba mwaka 2004 na ambaye ameshona kibarazani kwa miaka 12. Huenda steshenari, na mpiga chapa humjazia wasifu kwa kielelezo kile kile anachowajazia makarani. Juu kabisa huwekwa tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na jina la shule ya msingi. Chini ya hapo pana nafasi ya sekondari iliyoachwa wazi, kisha lugha, kisha mambo ayapendayo: kusoma vitabu na mpira wa pete. Mstari wa mwisho ndio unaosema "ufundi cherehani". Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa kielelezo hicho hicho, nacho hakina ubaya kwa mtu mwenye vyeti vinne. Kwa fundi huyu kinaanza na kile asichokuwa nacho na kumalizia na kile anachouza.

Kwa maoni yetu karatasi hiyo igeuzwe chini juu. Baada ya jina, mahali anapoishi na namba ya simu, mstari wa kwanza utaje kazi yenyewe kwa idadi. Idadi hiyo haitoki kichwani. Fundi achukue daftari na kuandika kwa wiki moja nguo alizomaliza kila siku, saa alizofanya kazi na nguo zilizorudishwa. Tuseme alishona mashati ya shule: Jumatatu 7, Jumanne 6, Jumatano 3 kwa sababu umeme ulikatika na pasi haikuwaka, Alhamisi 7, Ijumaa 7, Jumamosi 6. Jumla ni mashati 36 kwa siku 6, yaani wastani wa 6 kwa siku. Basi aandike hivi: "Nashona mashati 6 ya shule kwa siku ya saa 9, peke yangu, kuanzia kukata hadi vifungo." Asiandike 7 kwa kuwa ndiyo siku yake nzuri. Mwajiri atamwekea 7 kuwa kiwango, na wiki ya pili ataitwa mvivu.

Zile zilizorudishwa, tuseme 2 kati ya 36, si lazima ziingie kwenye karatasi. Lakini azikumbuke, na ajue zilirudi kwa kosa gani, kwa sababu mwenye karakana mwerevu atauliza. Anayejibu kwamba mawili yalirudi kwa kola iliyopinda anaaminika kuliko anayedai hajawahi kurudishiwa nguo.

Neno "peke yangu" lina uzito wake. Fundi wa kibarazani hushona nguo nzima, lakini kwenye karakana kubwa na viwanda vya nguo kazi hugawanywa: mmoja anaunga kola siku nzima, mwingine mikono, mwingine mifuko. Kwa hiyo mstari wa pili wa wasifu utenganishe sehemu anazozimudu: kola yenye shingo, mfuko wa kifuani, zipu ya suruali, marinda ya sketi, vitundu vya vifungo kwa mkono au kwa mashine. Fundi anayeunga kola safi ana soko, kwa kuwa kola iliyokaa vibaya huonekana kabla mteja hajaigusa nguo.

Mstari wa tatu ni wa mashine, na hapa ndipo uongo hugundulika upesi. Cherehani ya miguu na ile ya kiwandani yenye mota havifanani. Ya kiwandani huweza kufika mishono 5,000 kwa dakika, na asiyeizoea akikanyaga pedali, kitambaa humkimbia. Mwajiri humpa kipande cha nguo na kumwambia ashone mstari ulionyooka kisha nusu duara. Ndani ya dakika 10 kila kitu kimejulikana. Afadhali aandike: "Cherehani ya miguu, miaka 12. Ovaloki ya nyuzi 3, miaka 4. Ya kiwandani bado." Akiongeza kwamba hubadilisha sindano mwenyewe, namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa cha sare na 16 kwa jinzi, amemwonyesha mwenye mashine kwamba hatavunja sindano kila saa.

Linalosahaulika kabisa ni ukataji, nalo ndilo lenye fedha. Tuseme mteja alinunua mita 50 za kitambaa kwa mashati 40 ya saizi mbalimbali, na fundi akayapanga vizuri, mikono ya saizi ndogo ikiingia katikati ya migongo ya saizi kubwa, akatumia mita 46. Kwa bei ya Sh. 4,000 kwa mita, hizo ni Sh. 16,000 zilizobaki mezani. Sentensi moja ya namna hiyo, yenye mita na idadi, humgusa mfanyabiashara kuliko cheti, kwa sababu kitambaa ni chake.

Kisha wadhamini wawili. Barua ya mtendaji wa mtaa inathibitisha makazi tu. Wanaofaa ni waliompa kazi na kulipa, kama mwenye duka la sare au mwalimu aliyeagiza mashati 40, nao waombwe ruhusa kwanza ili simu ikipigwa wakumbuke idadi ile ile.

Elimu ikae mwishoni kwa mstari mmoja: "Darasa la saba, 2004." Asiifiche wala asiiombee radhi. Kama amepimwa VETA kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, cheti hicho kitajwe hapo hapo. Kinathibitisha kwamba anajua kushona. Kasi yake bado itasomwa kwenye ule mstari wa kwanza.

Mkulima anayeomba usimamizi wa shamba naye afanye vivyo hivyo. "Kilimo" peke yake hakisemi kitu. Ekari 1 na nusu ya nyanya kwa misimu 3, matenga aliyovuna kila msimu, vibarua aliowasimamia, na kwamba anajua kuchanganya dawa kwa pampu ya mgongoni ya lita 16: hayo ndiyo mwenye shamba anayoyatafuta.

Yote haya yanaenea upande mmoja wa karatasi, hata kwa mwandiko wa mkono uliotulia. Siku ya kuitwa, fundi abebe shati moja alilolishona mwenyewe. Mwajiri anayeijua kazi ataligeuza nje ndani kwanza, aangalie kama ovaloki imeshika mpaka mwisho wa kwapa.