Hawasomi, au Hawakuandikiwa?

Hoja kwamba wateja wa umeme wa Ngara na Biharamulo hawasomi maelezo, hivyo dawa ni kuongeza wapokea simu, inamlaumu msomaji kwa kosa la mwandishi. Mfano ni uuzaji wa umeme wa LUKU. Mteja wa Nyakanazi aliyelipa bila kupata tokeni hatafuti kichwa kiitwacho “Taratibu za Malipo”. Anatafuta “Nimelipa, tokeni haijaja”, maneno yaleyale ambayo angeyasema kwenye simu.

Chini ya kichwa hicho jibu lianze na la kufanya: asilipe tena, atazame kama pesa imekatwa, alinganishe namba ya mita kwenye risiti na ile ya nyumbani. Tokeni yenyewe ina tarakimu 20, na ikikataliwa hilo ni swali jingine, lenye ukurasa wake. Mwisho itajwe lini apige simu, akiwa na namba ya mita na ya muamala.

Vichwa vya namna hiyo hutoka kwenye daftari la simu zilizopokelewa kwa wiki mbili, si kwenye kikao cha mameneja. Anayepiga akisema “nimesoma ila sijaelewa”, jibu ndilo bovu. Nguzo ya umeme iliyoanguka, hata hivyo, inahitaji mtu wa kupokea simu.