Tafadhali ya Kiarabu si tafadhali yetu

Bi harusi anayemfuata mumewe Maskati hufundishwa kwanza majina ya vyakula. Mimi naona aanze na maneno ya kuombea.

Nashona hapa Arusha. Siku moja aliingia mama wa Kiomani na bintiye, amebeba kitambaa cha harusi. (Waomani wengi wanajua Kiswahili, huyu hakukijua.) Nikanyoosha mkono, nikasema kwa heshima zote, "Tafadhali." Akanitazama tu. Kumbe kwao mwanamume huambiwa tafadhal na mwanamke tafadhali, na maana yake ni karibu: ingia, keti, chukua. Mama wa watu alikuwa anangoja nimpe kitu!

Nikajaribu "Hati!" Hapo uso ukakunjamana, maana hiyo ni "lete" kavu. Sisi hulainisha ndani ya kitenzi chenyewe: "lete" inakuwa "ulete", au "naomba uniletee". Mimi nilikuwa nimemtupia amri tupu.

Binti ndiye aliyeniokoa: "Sema, mumkin al-kumash, law samahti?" Yaani, inawezekana kitambaa, ukiridhia? Samahti ni ndugu wa samahani yetu, kwa hiyo halisahauliki. Ila chunga mwisho wake. Mwanamke ni law samahti, mwanamume ni law samaht. Vivyo hivyo min fadhlik kwa mama mkwe, na min fadhlak kwa baba mkwe. Ukikosea, baba wa watu umemgeuza mwanamke mbele ya wanawe.

Nikarudia nilivyofundishwa. Mama akacheka, akanikabidhi kitambaa, akasema, "Tafadhali."