Kumkumbusha Ndugu Bila Kumwaibisha



Katika parokia zetu nyingi, wale wanaosali pamoja katika shirika la msingi ndio hao hao wanaoweka akiba pamoja. Siku moja tunakaa tukisoma Injili, siku nyingine tunakaa tukizunguka kisanduku chenye kufuli tatu. Ni jambo jema, lakini lina hatari yake. Mtu akiaibishwa penye kisanduku, hataacha kuja penye kisanduku tu. Ataacha kuja penye sala pia, kwa sababu nyuso ni zile zile.

Nayasema haya kwa ajili ya ujumbe mmoja. Mwandishi wa kikundi chetu, kijana mwenye bidii, aliniletea maneno aliyotaka kuyatuma kwa wanachama wote 24 katika simu. Yalikuwa hivi:

«Tangazo la mwisho. Wenye madeni wanajijua. Kuna mama mwuza sambaza ambaye hajaonekana mara tatu, deni lake ni franka 52,500. Asiyelipa Alhamisi hii anaua kikundi. Mungu hapendi wavivu.»

Kijana alidhani kwamba kosa la ujumbe huu, kama lipo, ni ukali. Aliniomba nimsaidie kulainisha maneno. Nikamwambia tuanze na hesabu, maana ujumbe usio wa kweli haulainishwi.

Tulifungua daftari. Mama huyo alikuwa amekosa mikutano mitatu. Kwa kanuni yetu, kila mwanachama hutoa franka 500 katika mfuko wa mshikamano kila mkutano, ndizo 1,500. Tena alibakiwa na franka 20,000 za mkopo, pamoja na faida ya mwezi, 5 kwa mia, yaani 1,000. Jumla ni 22,500. Basi 30,000 nyingine zilitoka wapi? Kijana alihesabu hisa 5 za franka 2,000 kwa kila mkutano aliokosa, kwa sababu mama huyo alikuwa na desturi ya kununua hisa 5.

Lakini hisa si deni. Kwetu mwanachama hununua hisa kadiri ya uwezo wake, na wiki asiponunua, hajamnyang'anya mtu kitu. Mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, atapokea kidogo zaidi, basi. Ingekuwa likelemba, jambo lingekuwa tofauti, maana huko kila anayekosa anampunguzia yule ambaye zamu yake imefika. Kwetu kinachodaiwa ni mkopo na faida yake, mfuko wa mshikamano, na faini ikiwa kamati imeiandika. Tukichanganya hayo na hisa, tunamtangazia ndugu deni lisilokuwepo. Mama huyo angetangazwa kuwa na deni zaidi ya mara mbili ya lile la kweli.

Baada ya hesabu tuliugawa ujumbe sehemu mbili, kwa kuwa ulitaka kufanya kazi mbili kwa mara moja. Kazi ya kwanza ni kuwakumbusha wote, nayo haihitaji jina wala hali ya mtu. Tuliandika hivi:

«Ndugu wapendwa, tutakutana Alhamisi, saa 10 alasiri, mahali petu pa kawaida. Mfuko wa mshikamano ni franka 500. Hisa ni franka 2,000 kila moja, kwa hiari, zisizidi 5. Siku hiyo tutapokea pia mikopo iliyofikia tarehe yake. Mwenye shida ya kutimiza amweleze mwenyekiti au mtunza hazina kabla ya Jumatano jioni, ili tutafute njia pamoja.»

Tazameni kwamba hakuna neno la vitisho, lakini pia hakuna neno la kuficha. Kiasi kimetajwa, siku imetajwa, na mtu wa kumwendea ametajwa. Wengine hudhani upole ni kusema «mtakapopata nafasi». Huo si upole. Anayengoja mkopo wa kununulia bidhaa naye ni ndugu, na fedha zisiporudi, ni yeye anayekosa. Ujumbe huu tuliutuma Jumatatu, si usiku wa kuamkia mkutano, kwa maana anayekumbushwa usiku huo hana tena wakati wa kutafuta.

Kazi ya pili ni kumfikia aliyechelewa. Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, Bwana anatuagiza kumwendea ndugu kwanza faraghani. Kijana alitaka kumwandikia mama huyo hesabu yote katika simu yake. Nilimzuia. Simu ya nyumba husomwa na wengi, na huenda mume au watoto hawajui habari za mkopo. Akamwandikia haya tu: «Jambo Mama. Tumekukosa mara tatu, tunakuwaza. Je, kuko salama nyumbani? Naomba nikupigie au nije, saa unayoona inafaa.» Hesabu ya franka 22,500 aliisikia kwa kinywa, na alionyeshwa mstari kwa mstari katika daftari.

Ndipo tukajua kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa, na kwamba siku zile zilikuwa za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti sambaza na biashara yake hulala. Kijana hakumsamehe kitu, kwa sababu mali ya wote haisamehewi na mtu mmoja. Alimwuliza maswali mawili: utaweza kuleta kiasi gani Alhamisi, na kilichobaki siku gani? Mama akasema 8,500 kwanza, kisha 7,000 mara mbili, giza la mwezi litakaporudi. Alhamisi alikuja, akaueleza mkutano mwenyewe, na mkutano ukakubali. Alimaliza kama alivyosema.

Kuna watakaoniambia: mbona katika mkutano tunahesabu fedha mbele ya wote na kusoma deni la kila mmoja? Kama huko hatufichi, kwa nini tufiche katika simu? Swali ni la haki. Usomaji wa wazi ndio unaolinda kisanduku, wala siupingi. Lakini katika mkutano mtu yupo, anasikia, anajibu, na akiona kosa katika hesabu anainua mkono. Ujumbe wa simu humsema mtu mahali ambapo hana kinywa, tena hubaki pale hata baada ya deni kulipwa.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilisoma mbele ya darasa majina ya watoto ambao minervali yao haijalipwa. Nilidhani natimiza wajibu. Wazazi wachache walilipa haraka. Watoto wengine hawakurudi tena shuleni, na madeni yao hayakulipwa kamwe. Tangu hapo, kabla ya kutuma tangazo lolote la fedha, nalisoma kwa sauti nikijiuliza: mtoto wa yule aliyechelewa akimsomea mama yake maneno haya, mama atafunga simu au ataanza kutafuta kitenge chake aje mkutanoni?

Nawaomba waandishi wa vikundi vyetu wafanye vivyo hivyo. Wafungue daftari kwanza, watenge deni na hisa, waandike kwa wote yale yanayowahusu wote, na yale yanayomhusu mmoja wampelekee yeye mwenyewe.