Maji hayahesabiki, chombo ndicho kinachohesabika

Hadithi za baada ya maangamizi zina vitu vitatu visivyokosekana: watu wanaookota mabaki ya ulimwengu wa zamani, makao yaliyojifungia peke yake, na maji yasiyotosha. Tumezoea kuambiwa kwamba zinatuonya juu ya kesho. Mimi naona zinaeleza leo, na sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna njia yetu ya kuhakikisha jambo hilo: kuyapima maneno matatu, yaani maji, -etu na kuokota.

Nitatumia hasa filamu fupi ya Pumzi, iliyotengenezwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009. Haifiki nusu saa, kwa hiyo msomaji anaweza kuitazama leo na kunipinga kesho. Inatupeleka Afrika ya Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita ambavyo filamu inaviita Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na nje inasemekana kwamba hakuna kinachoishi. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe, anapokea udongo usiojulikana umetoka wapi. Anaupima, anakuta una unyevu mwingi, anatia mbegu, na mbegu inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje akatafute udongo huo ulipotoka. Baraza linakataa.

Neno la kwanza ni maji. Katika Kiswahili neno hili liko katika ngeli ya wingi, lakini halina umoja, na halikubali namba. Hatusemi maji matatu. Tunasema ndoo tatu, bidoni tano, kikombe kimoja. Tukitaka kuhesabu maji, lazima tutaje chombo. Sasa tazama Pumzi: kila mtu ana chupa yake ndogo, jasho na mkojo vinakusanywa, vinasafishwa, na vinarudi kunywewa. Hatuonyeshwi ziwa lililokauka wala kisima kilichofukiwa. Tunaonyeshwa chupa. Ndivyo ilivyo pia katika Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. Mtawala wa Ngome ana maji mengi yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Anafungua mabomba kwa muda mfupi, umati unagombania matone, mengi yanamwagika mchangani, kisha anafunga na kuwaonya watu wasiyazoee. Hata jina la maji amelibadilisha, anayaita Akwa Kola, kama kinywaji cha dukani. Anayebadilisha jina la kitu cha wote na kukipa jina la bidhaa ameshaanza kukiuza.

Kwa hiyo hadithi hizi zinaposema maji ni haba, tuulize kwanza nani ameshika chombo. Msomaji wa Kongo hahitaji jangwa ili aelewe swali hili. Mto wetu ni wa pili duniani kwa wingi wa maji yanayopita ndani yake, na bado watoto katika mitaa mingi ya miji yetu wanabeba bidoni vichwani kabla ya kwenda shule. Kinachokosekana hapo si maji. Ni bomba, umeme wa kuyasukuma, na mtu wa kuwajibika. Hadithi inayolaumu jua peke yake inamfunika mtu huyo.

Neno la pili ni kiambishi kidogo, -etu. Jamii ya Asha inaitwa Maitu. Ni neno la Kikikuyu lenye maana ya mama, na filamu yenyewe inalichambua mwanzoni: maa ni ukweli, itu ni wetu. Mwanaisimu atasita mbele ya sehemu ya kwanza, kwa kuwa lugha za Kibantu hupenda kuunganisha jina la jamaa na kimilikishi, kama Kiswahili kinavyosema mamaye, babaye na mwenzetu. Lakini sehemu ya pili haina shida: -itu ya Kikikuyu na -etu ya Kiswahili ni ndugu.

Na hapo pana mtego. Ziko lugha duniani zenye "sisi" mbili, moja inayomhesabu msikilizaji na nyingine inayomwacha nje. Kiswahili kina moja tu. Nikikuambia "haya ni maji yetu", huwezi kujua kwa sarufi peke yake kama nakukaribisha au nakufukuza. Utajua ukiangalia kama mlango uko wazi. Makao ya hadithi hizi yote yamejengwa juu ya utata huo. Mlinzi wa ukuta husema "watu wetu", na aliye nje husikia kwamba yeye si mtu. Ubora wa Pumzi ni kwamba inaonyesha mstari huo ukipita hata ndani ya jengo: yuko mwanamke anayesafisha vyoo, naye si wa daraja la Asha. Asha anamgawia maji. Baraza linapomwadhibu Asha, mwanamke huyo ndiye anayemsaidia kutoroka. "Wetu" ya kweli imetokea chooni, kwa maji machache yaliyogawanywa, wakati baraza lina jina la mama na mlango uliofungwa.

Neno la tatu ni kuokota. Wengi wetu huku tunasema kulokota, tukiihifadhi l ambayo Kiswahili cha pwani kimeipoteza. Kilingala nacho kinasema kolokota. Kitenzi hiki kina jambo moja ndani yake: kinachookotwa hakina mwenyewe. Mtu haokoti mezani kwa jirani. Ndiyo maana hadithi za maangamizi zinakipenda kitendo hiki: wenye mali wamekufa wote, duka liko wazi, shujaa anachukua bila kuitwa mwizi. Lakini katika jamii iliyo hai, kila takataka ina mwenyewe. Kule Kolwezi, watu wanaookota mawe katika mabaki ya migodi na kuyaosha wanajua vizuri kwamba mabaki yana mlinzi, mfuko una mnunuzi, na bei inapangwa na mwingine. Wanaokota, na bado wanadaiwa. Kwa hiyo mwokotaji si mtu wa baada ya jamii. Yeye yumo ndani ya jamii, katika ngazi ya chini kabisa, na hadithi inayomtoa hapo na kumfanya shujaa wa upweke inatuficha ngazi yenyewe.

Asha naye anatoka kwa njia ya takataka, anajifunika vilivyotupwa, anatembea jangwani, anapanda mche wake, anaumwagia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha analala juu yake kuukinga na jua. Mti unakua. Hapa ndipo ninapoitilia filamu shaka. Inampa mtu mmoja kazi ya wote, na kifo chake kinaliacha baraza na chupa zake kama zilivyokuwa. Mwisho wa Fury Road, wanawake wa Ngome wanafungua mabomba na maji yanawashukia wote. Kwa jambo hilo moja naiona imeona mbali zaidi, ingawa kelele zake ni nyingi.

Baadhi ya wenzangu wanasema hadithi hizi ni za wageni na hazituhusu. Ningekubali kama zingehusu jangwa. Zinahusu nani anafungua bomba, nani anahesabiwa katika "yetu", na mabaki ni ya nani. Kama mmoja wetu ataandika hadithi ya namna hii kwa lugha yetu, namwomba aache jua lipumzike, aanze na bidoni na mkono ulioishika.