Si Laana, ni Mazoea ya Moyo

Tunayapinga maneno yanayosemwa huku Vuhovi, kwamba binti aliyevunjwa moyo na wachumba watatu amelaaniwa. Tukiwatazama vema, watatu hao wanafanana: huja wapendapo, hutoweka pale anapowahitaji.

Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake huzitambua ishara zake hulia kidogo na hucheza bila hofu. Wataalamu waliomfuata waliyaona mazoea ya namna hiyo katika mapenzi ya watu wazima pia, ingawa utoto haumfungi mtu daima.

Tumfikirie binti ambaye baba yake alikuwa safarini kwa biashara, na akirudi hakumwuliza lolote. Alijifunza kungojea. Leo, mwanaume anayemjibu upesi anamchosha. Asiyejibu anamtia wasiwasi, naye wasiwasi huo anauita upendo.

Basi tusimwambie tu: vumilia. Kwa mchumba ajaye, kabla ya mahari, amweleze shida moja ndogo kwa maneno wazi, kisha aangalie: je, anauliza zaidi? Juma lifuatalo anakumbuka? Akinyamaza, amwambie mara ya pili. Akinyamaza tena, jibu limekwisha kutolewa. Aliyezuiliwa na kazi au vita hahukumiwi kwa umbali wake, maana anayejali hutuma salamu na huuliza. Wala asimkatae mtulivu kwa sababu tu moyo haumdundi.